Soya sosi, ngano na gluteni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Dodoma na wilaya za jirani walioambiwa hospitalini waache gluteni, pamoja na ndugu wanaowapikia. Mkate, chapati, maandazi na tambi kila mtu anavitambua haraka. Soya sosi ndiyo inayowapa shida, kwa sababu jina lake linataja soya na ladha yake haikumbushi unga hata kidogo.

Je, soya sosi ina ngano?

Soya sosi nyingi zinazouzwa madukani zina ngano, na kwa zile zilizotengenezwa kwa njia ya asili ya Kijapani ngano si chembe iliyoponyoka kiwandani. Ni kiambato kamili, kinachokaribia kulingana na soya yenyewe. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa seliaki, yaani ule ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoliwa, asitumie soya sosi ya kawaida. Zipo zisizo na ngano, lakini huwezi kuzijua kwa rangi, uzito wala bei. Itabidi usome lebo.

Soya si kunde? Ngano inaingiaje humo?

Soya ni kunde kweli, na yenyewe haina gluteni. Unga wa soya unaowekwa kwenye uji hauna tatizo kama umesagwa peke yake. Gluteni ni protini za ngano, na jamaa zake wako kwenye shayiri na nafaka iitwayo rai.

Ngano inaingia kwa sababu ya namna sosi inavyopikwa. Soya hulowekwa na kuivishwa kwa mvuke, huku ngano ikikaangwa kavu na kupasuliwapasuliwa. Viwili hivyo huchanganywa, kisha hupandwa ukungu maalumu ambao Wajapani huuita koji. Ukungu huo unahitaji wanga wa kula, na soya haina wanga wa kutosha, ila ngano inao tele. Baada ya siku mbili au tatu mchanganyiko huwa umefunikwa na ukungu. Hapo hutiwa maji ya chumvi nyingi na kuachwa uchachuke kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwishoni hukamuliwa, na maji meusi yanayotoka huchemshwa na kutiwa kwenye chupa.

Wanga wa ngano hugeuka sukari, sukari hulisha hamira na bakteria, na harufu ile tamu ya sosi nzuri inatokana na kazi hiyo. Ngano iliyokaangwa nayo huongeza rangi na harufu. Ndiyo maana mtengenezaji haiachi kirahisi: akiiondoa anapata sosi ya ladha nyingine kabisa. Viwanda vya Kichina mara nyingi hutumia unga wa ngano au pumba zake badala ya punje nzima, lakini kwa mgonjwa hakuna tofauti.

Nimeambiwa kuchachua kunamaliza gluteni yote. Si kweli?

Hoja hii ina ukweli nusu, na watu wengi wanapotelea hapo.

Ukungu wa koji hutoa vimeng'enya vinavyokata protini, za soya na za ngano pia. Miezi ikipita, protini ndefu hukatwakatwa kuwa vipande vifupi, na mwisho kuwa asidi amino mojamoja. Ile ladha nzito inayobaki mdomoni, inayofanana na ya supu ya mifupa, ni glutamati iliyotokana na ukataji huo. Kwa hiyo gluteni nzima, ile inayofanya unga wa chapati uvutike, haimo tena ndani ya chupa.

Ila kinga ya mwili ya mwenye seliaki haihitaji gluteni nzima ili iamke. Inatosha ione vipande fulani tu. Gluteni imejaa asidi amino mbili, prolini na glutamini, na mahali prolini ilipo vimeng'enya vingi vya tumbo hushindwa kukata. Kipande kimoja mashuhuri cha protini hii kina asidi amino 33, na watafiti walionyesha kuwa kinapita tumboni na kwenye utumbo bila kukatika. Kinapofika kwenye ukuta wa utumbo, kinga hukishambulia, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula huumia pamoja nacho.

Je, vimeng'enya vya koji navyo hushindwa? Haviko sawa na vya binadamu, na baadhi hukata prolini vizuri zaidi. Chupa moja inaweza kuwa imebaki na vipande hatari vichache sana, nyingine vingi zaidi. Inategemea muda wa kuchachua, joto, aina ya ukungu na kiasi cha ngano kilichowekwa mwanzoni, na lebo haikuambii lolote kati ya hayo. Hata bia iko hivyohivyo: shayiri yake imechachuliwa, na bado bia ya kawaida inakatazwa kwa mgonjwa wa seliaki.

Lakini kuna watu walipeleka soya sosi maabara, ikaonekana haina gluteni!

Ni kweli matokeo ya namna hiyo yapo. Shida iko kwenye kipimo.

Kipimo cha kawaida cha gluteni kwenye vyakula ni aina ya ELISA, njia ya maabara ya kutafuta protini, inayotumia kingamwili mbili. Ya kwanza hushika protini upande mmoja, ya pili huishika upande mwingine, na mashine husoma pale tu ambapo zote mbili zimeshika kitu kilekile. Kwa unga au mkate hufanya kazi vizuri, maana protini bado ni ndefu na ina sehemu nyingi za kushikwa. Kwenye soya sosi protini imeshakatwa. Kipande kilichobaki kina sehemu moja tu ya kushikwa, kingamwili ya pili inakosa pa kushika, na mashine inaandika kwamba hakuna kitu. Kipande kipo, ila hakijaonekana.

Ipo aina nyingine ya ELISA, ile ya ushindani, ambayo inahitaji sehemu moja tu. Hiyo huviona vipande vifupi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa vyakula vilivyochachuliwa. Bado ina kasoro yake: kubadilisha idadi ya vipande kuwa miligramu za gluteni kunahitaji sampuli ya kulinganishia iliyokatwa kwa namna ileile, na kila sosi hukatwa kivyake.

Kwa sababu hiyo mamlaka ya chakula ya Marekani ilitoa kanuni mwezi Agosti 2020 inayohusu vyakula vilivyochachuliwa au kuvunjwavunjwa. Chakula cha aina hiyo kikitaka kuandikwa kuwa hakina gluteni, mtengenezaji aonyeshe kumbukumbu kwamba malighafi zake zilikuwa hazina gluteni kabla ya kuanza kuchachuliwa. Kupima bidhaa iliyomalizika hakutoshi. Naona huu ni msimamo wa busara, na unaweza kuutumia hata jikoni kwako: uliza kilichoingia kwenye pipa mwanzoni.

Kijiko kimoja kwenye sufuria ya watu watano kina madhara gani?

Tupige hesabu. Kiwango cha kimataifa cha Tume ya Kodeksi, iliyoundwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, kinasema chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidishe miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Kijiko kikubwa cha soya sosi kina uzito wa gramu 18 hivi. Kama sosi ingekuwa kweli na miligramu 20 kwa kilo, kijiko hicho kingebeba miligramu 0.36. Gawanya kwa watu watano, haifiki hata 0.1 kwa kila mmoja.

Linganisha sasa na kiasi kinachoumiza. Katika utafiti unaonukuliwa sana, wagonjwa waliokula miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu waliharibika utumbo. Chini ya miligramu 10 kwa siku wataalamu wengi huona ni salama kwa walio wengi. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu 2 za gluteni, yaani miligramu 2,000, kwa hiyo miligramu 50 ni kipande kidogo cha mkate kisichotosha kujaza kijiko cha chai.

Ukitazama hesabu hiyo unaweza kusema soya sosi haina neno. Ingekuwa hivyo kama ile 20 tungekuwa na uhakika nayo, na ndicho ambacho kipimo kinashindwa kutupa kwa sosi iliyotengenezwa kwa ngano. Sitaki kumtisha mtu: aliyeonja bila kujua mchuzi wenye kijiko cha soya sosi hajala sawa na aliyekula chapati mbili. Tatizo ni mazoea. Anayeimimina kwenye wali kila jioni anacheza kamari na namba asiyoijua, na utumbo unaweza kuharibika kimyakimya bila hata kuhara.

Nikiwa dukani nasomaje lebo?

Chukua mfano wa chupa tatu ambazo mama mmoja amezikuta kwenye rafu moja. Kijana wake ana seliaki, na jioni anataka kupika makange ya kuku.

Chupa ya kwanza imeandikwa viambato kwa Kiingereza: maji, soya, *wheat*, chumvi, sukari. Neno *wheat* ni ngano, basi. Chupa hiyo inarudi kwenye rafu, hata kama pembeni imeandikwa kuwa ni ya asili, ni ya halali au haina kemikali. Hayo yote hayahusiani na gluteni. Nembo ya TBS nayo, ambayo ni ya lazima kuitafuta kwa sababu nyingine, inakuambia bidhaa imekidhi kiwango chake. Haikuambii kuwa inamfaa mwenye seliaki.

Chupa ya pili ni ya bei nafuu. Viambato vyake ni maji, chumvi, protini ya mimea iliyovunjwa, rangi ya karameli, sukari na kihifadhi. Hii haikuchachuliwa. Imetengenezwa kwa kuchemsha protini ya mimea kwenye asidi haidrokloriki, kisha asidi ikapoozwa kwa magadi. Kazi ya miezi inaisha kwa siku chache, na rangi inatoka kwenye karameli. Protini hiyo huwa mara nyingi ya mabaki ya soya iliyokamuliwa mafuta, ila inaweza kuwa ya mahindi au ya gluteni ya ngano yenyewe. Lebo ikisema ni ya soya au mahindi tu, una pa kuanzia. Ikinyamaza, kama hapa, mama huyu anaweza kupiga namba iliyo kwenye lebo akaulize, au akaiacha. Kwa sosi ya bei hiyo mimi ningeiacha.

Chupa ya tatu imewaponza wengi. Ina stika nyeupe ya muingizaji inayosema maji, soya, chumvi, sukari. Safi kabisa. Lakini stika imebandikwa juu ya lebo ya asili ya Kichina, na pembeni yake bado yanasomeka maandishi ya chini. Humo kuna alama hizi: 小麦. Hiyo ni ngano. Mbili nyingine za kukumbuka ni 面粉, unga wa ngano, na 麸皮, pumba za ngano. Zipige picha zikae kwenye simu yako. Stika na lebo ya asili zikipingana, amini ile yenye ngano.

Mama huyo ametoka bila sosi, na makange yake tutayarudia chini.

Ambacho ungependa kukikuta ni maneno *gluten free* pamoja na orodha ya viambato isiyo na ngano wala shayiri. Kimoja bila kingine kinatia shaka. Usomaji huu urudie kila unaponunua, hata kama ni chapa uliyoizoea, kwani viwanda hubadilisha mapishi bila kubadilisha sura ya chupa.

Tamari ni nini, na inapatikana hapa?

Tamari ni soya sosi ya Kijapani inayotengenezwa kwa soya tupu au kwa ngano kidogo sana. Ni nzito na nyeusi zaidi, na chumvi yake haikwaruzi ulimi kama ya sosi nyepesi. Zile zisizo na ngano kabisa ndizo wagonjwa wa seliaki duniani wanazozitegemea.

Angalia lile neno "kidogo sana". Jina la tamari peke yake si kibali, maana zipo zenye ngano. Kwenye maduka ya kawaida ya Majengo au Sabasaba usitegemee kuikuta. Watu huagiza kwa ndugu anayetoka Dar es Salaam, au hununua mtandaoni, na bei yake huwa juu mara kadhaa ya soya sosi ya kawaida. Kama ukiipata, chupa iliyofunguliwa ikae kwenye friji na uitumie kwa matone, si kwa kumimina.

Kwenye vyakula vya Dodoma, soya sosi inajificha wapi?

Makange yanaongoza. Wapishi wengi humalizia makange ya kuku, ya nyama au ya samaki kwa kuzungusha soya sosi kwenye kikaango pamoja na hoho, kitunguu na limao. Ile rangi ya kahawia inayong'aa ndiyo yake. Kuku na mishikaki nayo mara nyingi hulazwa kwenye soya sosi na kitunguu saumu tangu mchana, na ukifika saa mbili usiku huoni chupa yoyote mezani. Wali wa kukaanga na tambi za kukaanga karibu kila mara vinayo.

Nyama choma ya chumvi na limao kwa kawaida haina, lakini uliza, kwa sababu baadhi ya wachoma nyama siku hizi hupaka mchanganyiko wao kabla ya kuweka kwenye jiko. Kwa chipsi, sosi ni tatizo dogo kuliko mafuta: karai linalokaanga sambusa na maandazi asubuhi halifai kwa chipsi zako mchana.

Na zile chupa laini za kubinya zilizo mezani hujazwa upya kutoka kwenye madumu. Maandishi yaliyo juu yake hayana maana yoyote, usiyasome kama lebo.

Nimwambie nini mpishi bila kuonekana nasumbua?

Ukisema "sili gluteni" wengi hawatakuelewa, na atakayeona aibu kuuliza atakujibu tu kuwa haimo. Taja vitu. Kwa mfano: "Dada, mimi nina ugonjwa, ngano inanidhuru, na hata soya sosi ina ngano. Hiki kikaango nipikie bila soya sosi na bila kiungo cha pakiti. Weka chumvi, limao na pilipili tu." Ongeza kwamba kuku aliyekwisha lazwa kwenye viungo humtaki. Hilo husahauliwa, kwa sababu mpishi ataacha kumimina chupa kwenye kikaango na ataona ametimiza ombi lako, wakati sosi imeshaingia kwenye nyama tangu mchana.

Nenda mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Mpishi mwenye wateja kumi mbele yake hana muda wa kuosha kikaango.

Nitumie nini badala yake nyumbani?

Jiulize kwanza sosi ilikuwa inakufanyia kazi gani. Kwenye makange inaleta chumvi, rangi, uchachu kidogo na ule uzito wa ladha. Vyote hivyo vinapatikana sokoni bila ngano, ingawa sitakudanganya kuwa matokeo yatafanana na soya sosi ya kweli.

Kwa kuku mmoja wa makange fanya hivi. Weka vijiko viwili vikubwa vya sukari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, uache iyeyuke hadi iwe ya kahawia nzito. Ikianza kutoa moshi toa motoni, maana ikiungua inakuwa chungu. Mimina nusu kikombe cha maji ya moto taratibu huku umejitenga, kwani itachemka kwa kishindo na kuruka. Koroga hadi sukari iliyoganda iyeyuke. Ongeza kijiko kikubwa cha ukwaju mzito uliochujwa, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Chemsha dakika tano, upoze, tia kwenye chupa safi. Inakaa wiki moja kwenye friji.

Uzito wa ladha utoe kwenye nyanya ya kopo iliyokaangwa hadi iwe nyekundu ya giza, au kwenye unga wa dagaa wakavu waliokaangwa bila mafuta na kusagwa, nusu kijiko cha chai tu. Masika uyoga ukipatikana, uukaange hadi ukauke kabla ya kuutia. Mama wa zile chupa tatu anaweza kumaliza makange yake hivyo: vijiko viwili vya mchanganyiko huu dakika mbili kabla ya kuepua, limao la mwisho likiwa motoni bado.

Chumvi ipime. Kijiko kikubwa cha soya sosi kina gramu 2.5 hivi za chumvi, sawa na nusu ya kiwango cha siku nzima ambacho WHO inashauri mtu mzima asikizidishe. Kwa hiyo kama mapishi yanasema kijiko kikubwa cha soya sosi, nusu kijiko cha chai cha chumvi kinatosha kuziba pengo lake.

Nimeacha soya sosi, mkate na chapati, na bado tumbo linanisumbua. Vipi?

Kwa watu wa kwetu swali la kwanza kuuliza ni mashine ya kusaga. Ugali wa mtama, wa uwele au wa mahindi hauna gluteni, na mlo wa Kigogo wa ugali wa uwele na mlenda ungeweza kuwa mfano wa chakula cha mwenye seliaki popote duniani. Lakini mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu mwingine huacha unga kwenye mawe na kwenye mfuko wa kupokelea, na kilo zako za kwanza hubeba ngano hiyo. Hapo tunazungumzia unga wenyewe, si vipande vilivyochachuliwa, na kiasi kinaweza kuzidi mbali kile cha soya sosi yoyote. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Ukikosa, omba usage wa kwako baada ya mtu aliyesaga mahindi mengi, na kilo moja au mbili za mwanzo uwape kuku.

Unga wa lishe wa pakiti nao usome. Wengi huchanganya mahindi, soya, karanga, ulezi na ngano katika mfuko mmoja, na mgonjwa huuchukua kwa imani kwa sababu umeandikwa lishe.

Sijapimwa. Ninahisi tu ngano hainipendi. Niache soya sosi?

Usianze kuacha chochote kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha wiki kadhaa ndipo upimwe, kingamwili zinaweza kuwa zimeshuka na majibu yakasema huna kitu. Kipimo kikionyesha dalili, kwa kawaida mtu mzima hupelekwa kuangaliwa utumbo kwa kamera na kukatwa vinyama vidogo vya kuchunguzwa. Uliza hospitali ya rufaa mapema kama kipimo hicho cha damu wanakifanya wenyewe au wanatuma sampuli kwingine, ili upange nauli na bajeti.

Mtu ambaye si mgonjwa wa seliaki ila anavimbiwa akila ngano nyingi hana sababu ya kuogopa kijiko cha soya sosi. Mara nyingi kinachomsumbua ni wanga fulani wa ngano, na kiasi kilichobaki ndani ya sosi ni kidogo mno.

Mzio wa ngano ni jambo jingine tena. Hapo mwili huitikia ndani ya dakika au saa chache, na baadhi ya watu hawa huvumilia soya sosi iliyochachuka sana wakati wengine hawaivumilii. Hilo lijaribiwe mbele ya daktari, si nyumbani.

Nimekula makange yenye soya sosi bila kujua. Nifanye nini sasa?

Kwa mwenye seliaki hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha liwa. Usijitapishe. Dalili kama tumbo kuuma, kuhara, kichwa kuuma au uchovu zinaweza kuja baada ya saa chache na kukaa siku kadhaa, na pengine zisije kabisa. Kunywa maji, na ukiharisha tumia chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Kula vyakula vyako vya kawaida, na andika kile ulichokula na mahali ulipokula ili likitokea tena uone mfululizo wake. Mlo mmoja hauhitaji kukukimbiza hospitali, isipokuwa kuhara kukizidi au mgonjwa akiwa mtoto mdogo anayelegea.

Kwa mwenye mzio wa ngano usisubiri. Midomo au ulimi kuvimba, vipele vinavyosambaa haraka, kukohoa na kupumua kwa shida, au kizunguzungu cha ghafla ni dharura. Kama ana sindano ya adrenalini aliyopewa na daktari, achomwe papo hapo pajani, kisha mpelekeni hospitali ya karibu akiwa amelala na miguu imeinuliwa, au ameketi kama anapumua kwa taabu.